Kutafsiri barua ya mgeni aliyepewa chumba sicho na kunyimwa malipo yake ya awali

Malalamiko ya aina hii yana hoja mbili tu: chumba nilichopewa sicho nilichokiweka, na fedha niliyotanguliza haijarudi. Anayeisoma barua upande wa pili, awe mwenye hoteli, mhasibu wake au wakili, haisomi ili aone huruma. Anatafuta tarehe na kiasi cha fedha ili avilinganishe na daftari lake la wageni. Tarehe moja ikipishana na daftari, anapata sababu ya kuitilia shaka barua nzima, hata kama mgeni ana haki. Kwa hiyo katika kazi hii mimi huanza na tarakimu, na maneno huyarudia baadaye.

Tuchukue barua moja ya kutunga tuifuate hadi mwisho. Mgeni Mmarekani ameiandikia kwa Kiingereza hoteli ndogo ya ufukweni Pangani, mkoani Tanga. Mwenye hoteli anataka kuisoma kwa Kiswahili. Mgeni anasema aliweka nafasi ya chumba ambacho kwenye uthibitisho kimeitwa `Twin Room, Sea View`, kuanzia Jumanne `8/5/2025` hadi `8/8/2025`, kulala usiku 4, kwa `$120.00` kila usiku. Tarehe `6/18/2025` alilipa kwa kadi `$240.00`, yaani nusu ya bei. Yeye na mama yake walifika Jumanne usiku, `12:40 AM`, wakapewa chumba cha nyuma chenye kitanda kimoja, dirisha likitazama maegesho ya magari. Asubuhi ya `8/6/2025`, saa `10:00 AM`, waliondoka baada ya kulipa taslimu `TZS 180,000` kwa usiku mmoja. Meneja akaahidi kuwa malipo ya awali yatarudishwa yote ndani ya siku 14. Barua imeandikwa `9/1/2025`, na mstari wa mwisho unadai `$204.00`.

Umeona namba ya mwisho? Tutaifikia.

Hatua ya kwanza: toa tarakimu zote nje ya barua

Kabla ya kutafsiri sentensi hata moja, chukua karatasi na uandike kila tarehe, saa, kiasi na namba ya kumbukumbu kama ilivyo kwenye barua, bila kugeuza chochote. Kando yake andika unavyoielewa, na kando ya hapo ushahidi wa kuelewa hivyo. Safu hiyo ya tatu ndiyo inayokuokoa.

Mmarekani hutanguliza mwezi, kisha siku. Sisi hutanguliza siku. `8/5/2025` kwake ni tarehe 5 Agosti, na kwa mwenye hoteli wa Pangani ni tarehe 8 Mei. Usikisie kwa sababu tu mwandishi ni Mmarekani, maana wapo Wamarekani waishio Afrika Mashariki ambao wamekwisha kuzoea mpangilio wetu. Tafuta ushahidi ndani ya barua yenyewe. Hapa upo wa aina mbili. Kwanza, `6/18/2025` haiwezi kusomeka vingine, kwa kuwa hakuna mwezi wa 18. Basi mwandishi huyu ametanguliza mwezi. Pili, amesema alianza Jumanne. Fungua kalenda ya 2025: tarehe 5 Agosti ilikuwa Jumanne, na tarehe 8 Mei ilikuwa Alhamisi. Ushahidi umekubaliana. Katika tafsiri andika jina la mwezi kwa herufi, tarehe 5 Agosti 2025, na usimwachie msomaji mikwaju ya kufasiri mwenyewe.

Hatua ya pili: hesabu usiku, si siku

Hoteli huuza usiku. Lakini ukifika gesti nyingi utaulizwa "unalala siku ngapi?", na siku nne kwa anayeuliza hivyo ni usiku nne. Hatari inakuja pale tarehe mbili zinapounganishwa kwa "hadi". Mgeni wetu ameandika kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 8, usiku 4. Ukihesabu kama watu wa mapokezi wanavyohesabu, yaani kuingia tarehe 5 na kutoka tarehe 8, unapata usiku 3. Je, amekosea?

Hajakosea. Neno la Kiingereza alilotumia kuunganisha tarehe hizo ni `through` la Kimarekani, na hujumuisha tarehe ya mwisho: analala pia usiku wa tarehe 8. Usiku wa tarehe 5, 6, 7 na 8 ni usiku 4, na 4 mara dola 120 ni 480, ambayo nusu yake ni 240, kiasi kilekile alicholipa. Hesabu imefunga. "Hadi tarehe 8" ya Kiswahili haibebi maana hiyo peke yake, kwa hiyo tunaongeza maneno machache: "kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 8 Agosti 2025, usiku wa tarehe 8 ukiwemo." Tarehe 9 ya kuondoka usiiingize mwenyewe kwenye barua, hata kama ni dhahiri. Haimo. Ikiwa imo kwenye uthibitisho ulioambatishwa, mwenye hoteli ataiona huko.

Hatua ya tatu: saa, na usiku ni wa nani

Hapa ndipo kazi huharibika zaidi, hata mikononi mwa wafasiri wazuri. Kugeuza `10:00 AM` kuwa saa nne asubuhi hakumsumbui mtu. `12:40 AM` ndiyo inayotega. Wapo wanaoiona 12 wakaandika saa sita mchana, na mgeni akaonekana amefika adhuhuri. Ni saa sita na dakika arobaini usiku, saa saba kasoro dakika ishirini, na kompyuta ya hoteli itakuwa imeiandika `00:40`.

Sasa, usiku upi? Mgeni ameandika "Jumanne usiku, `12:40 AM`". Kwa kalenda ya kompyuta, dakika hiyo ikiwa ya Jumanne basi ni ya usiku wa kuamkia Jumanne, yaani kabla ya siku aliyoiwekea nafasi. Kwa mazungumzo ya kawaida ya Mmarekani, anamaanisha ule usiku ulioanza Jumanne jioni, na saa ilipofika 12:40 tarehe ilikwisha kuwa 6. Na kwa wazee wengi wa pwani, siku huanza magharibi, hivyo "usiku wa Jumanne" ni ule unaotangulia Jumanne. Wasomaji watatu, usiku mbili tofauti. Katika madai ya fedha tofauti hiyo ni usiku mmoja wa dola 120, kwani hoteli inaweza kudai kwamba mgeni hakutokea siku ya kwanza.

Usiamue peke yako. Mwulize mteja, na uulize kwa namna ambayo jibu lake halitakuwa na utata: "Ulipofika, asubuhi iliyofuata ilikuwa tarehe ngapi?" Akijibu tarehe 6, Kiswahili kina maneno yanayofunga jambo: "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano tarehe 6 Agosti 2025, saa 6:40." Kuamkia ni kitenzi kinachofanya kazi ambayo Kiingereza huhitaji sentensi nzima kuifanya. Kitumie.

Hatua ya nne: fedha

Nakili kiasi kwa sarafu ileile iliyo kwenye barua. Dola ibaki dola, shilingi ibaki shilingi. Ukibadilisha dola 240 kuwa shilingi kwa bei ya leo umemtengenezea mgeni dai jipya ambalo hakulitoa. Na andika sarafu kwa jina kamili, Dola za Marekani, Shilingi za Tanzania, maana "Sh" peke yake ni ya nchi zaidi ya moja na "dola" pia. Kama mwandishi angekuwa Mjerumani au Mtaliano ningemtazama kwa makini kwenye nukta na mkato: `1.140,00` kwao ni elfu moja mia moja na arobaini kamili, na kwetu nukta ile inaonekana ya senti.

Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Lakini maneno ya Kiswahili yana mtego wake wenyewe. Andika "shilingi elfu mia moja na themanini" kwa `TZS 180,000`, na msomaji mkaidi anaweza kusoma 100,080: elfu mia moja, na themanini. Ndiyo maana sokoni watu husema "mia na themanini elfu" au "laki na themanini". Kwa barua rasmi mimi huandika "Shilingi za Tanzania 180,000 (mia moja na themanini elfu)", elfu ikiwa mwisho ili ibebe namba yote iliyotangulia.

Kisha jumlisha na kutoa mwenyewe. Si ili umsahihishe mgeni, bali ili ujue barua inasimama wapi. Tumeshaona 480 na 240 zinakubaliana. Ila mstari wa mwisho unadai `$204.00`. Huenda vidole viliteleza kwenye kibodi. Huenda pia mgeni amekata dola 36 kwa sababu ambayo hakuieleza. Hujui, na haikuhusu kuamua. Mwandikie mteja mapema: "Aya ya pili inasema 240, mstari wa mwisho 204. Kipi ni sahihi?" Akisema ni 240, mwombe arekebishe barua ya asili na akutumie upya, ili barua mbili zisipishane. Asipojibu na muda umekwisha, tafsiri 204 kama ilivyo na uweke chini mstari: "Maelezo ya mfasiri: kiasi hiki kinatofautiana na kile cha aya ya pili katika barua ya asili." Kurekebisha kimyakimya ni kosa, hata ukiwa na uhakika asilimia mia.

Hatua ya tano: malipo hayo uyaite nini

Kamusi itakupa maneno kadhaa, na kila moja lina upande wake. *Amana* ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze; ukiita hivyo, umekwisha kusema kwamba lazima kirudi. *Arbuni* ni kitangulizi cha mnunuzi ili bidhaa isiuzwe kwa mwingine, na katika desturi ya biashara ya pwani mnunuzi akijitoa huwa amekipoteza; ukiita hivyo, umemsaidia mwenye hoteli. *Dhamana* inamfanya msomaji afikirie fedha inayowekwa kufidia vitu vikivunjika chumbani, na hiyo ni fedha nyingine kabisa. Mgeni wetu anabishania jambo hilohilo, kama fedha irudi au isirudi, kwa hiyo mfasiri asilimalize kwa neno. "Malipo ya awali" halina upande. Linasema tu yalilipwa kabla. Chagua hilo na ulitumie kila mahali. Ukibadilisha njiani kwa ajili ya ladha, msomaji atadhani ni fedha mbili.

Angalia pia kama fedha ilitoka kweli. Hoteli nyingine huzuia kiasi kwenye kadi bila kukichukua, na kwenye taarifa ya benki utaona `Pending`. Fedha ya namna hiyo imezuiwa, haijakatwa, na cha kudai ni kuiachia. Mgeni wetu ameambatisha taarifa inayoonyesha `Posted`. Ilikatwa. Basi "nililipa" ni sawa, na "kurudisha" ni sawa.

Hatua ya sita: chumba

`Twin Room, Sea View` ni jina linalosomeka kwenye uthibitisho. Libakize kama lilivyo mara moja, ili mwenye hoteli alitambue kwenye mfumo wake, kisha lieleze: chumba cha watu wawili chenye vitanda viwili, kinachotazama bahari. Jiepushe na "chumba cha dabo". Kwa mmoja dabo ni kitanda kimoja kikubwa, kwa mwingine ni chumba cha watu wawili bila kujali vitanda, na kitanda cha dabo deka ni kile cha ghorofa cha bweni. Kwa kuwa kosa lenyewe ni la idadi ya vitanda, taja idadi. Usiongeze vipimo. Hata ukijua vitanda vya hoteli ile ni vya tano kwa sita, mgeni hakusema.

"Kinachotazama bahari" nacho kisigeuke "kilicho karibu na bahari" au "cha upande wa baharini". Katika hoteli ya ufukweni vyumba vyote viko karibu na bahari, na mwenye hoteli atajibu kwamba alitimiza ahadi.

Hatua ya saba: ukali wa barua

Mkono wa Mswahili hupenda kulainisha. Tunafungua kwa salamu, tunaomba radhi kwa usumbufu, na dai linakuwa ombi. Mgeni hakuandika hayo. Kama ameandika anadai, andika "nadai". "Naomba" ni neno la mtu asiye na uhakika na haki yake. Upande wa pili usimwongezee hasira pia. Hakusema alidanganywa wala kuibiwa.

Pima vitenzi. "Hamjarudisha" inasema muda umepita na bado mlango uko wazi. "Hamkurudisha" inafunga habari kana kwamba imeisha. "Mmekataa kurudisha" ni tuhuma, na katika barua yetu hakuna mahali hoteli ilipokataa. Ilinyamaza tu. Tena Kiingereza kina neno moja kwa mtu mmoja na kwa wengi, hivyo amua anayeambiwa ni nani. Aliyetoa ahadi ni meneja. Anayedaiwa fedha ni hoteli. Hapa nimetumia "ninyi" kwa hoteli na kumtaja meneja kwa cheo.

"Ndani ya siku 14" ibaki siku 14. Si wiki mbili, si siku za kazi. Na usikokotoe tarehe ya mwisho kwa niaba yake.

Barua ikishakamilika

Mteja wetu amejibu maswali yote mawili: alifika usiku wa kuamkia tarehe 6, na dai ni dola 240. Ametuma barua iliyorekebishwa. Tafsiri inakuwa hivi:

> 1 Septemba 2025
>
> Kwa Meneja,
>
> YAH: MALALAMIKO YA KUPEWA CHUMBA TOFAUTI NA KUTORUDISHIWA MALIPO YA AWALI
>
> Niliweka nafasi katika hoteli yenu ya chumba kilichoandikwa kwenye uthibitisho wenu "Twin Room, Sea View", yaani chumba cha watu wawili chenye vitanda viwili, kinachotazama bahari. Nafasi ilikuwa ya kulala usiku 4, kuanzia Jumanne tarehe 5 Agosti hadi tarehe 8 Agosti 2025, usiku wa tarehe 8 ukiwemo, kwa bei ya Dola za Marekani 120.00 kila usiku.
>
> Tarehe 18 Juni 2025 nililipa kwa kadi malipo ya awali ya Dola za Marekani 240.00 (mia mbili na arobaini), ambayo ni nusu ya bei yote.
>
> Mimi na mama yangu tulifika usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano tarehe 6 Agosti 2025, saa 6:40. Tulipewa chumba cha nyuma chenye kitanda kimoja, ambacho dirisha lake linatazama maegesho ya magari. Tuliambiwa hakuna chumba kingine.
>
> Tarehe 6 Agosti 2025, saa 4:00 asubuhi, tuliondoka. Kabla ya kuondoka nililipa taslimu Shilingi za Tanzania 180,000 (mia moja na themanini elfu) kwa usiku mmoja tuliolala, na fedha hiyo siidai. Meneja aliahidi kwamba malipo ya awali yatarudishwa yote ndani ya siku 14.
>
> Hadi leo hamjarudisha kiasi chochote, na barua pepe zangu hazijajibiwa. Nadai mnirudishie Dola za Marekani 240.00 (mia mbili na arobaini) kwenye kadi niliyolipia.
>
> Nimeambatisha uthibitisho wa nafasi, taarifa ya benki na stakabadhi ya taslimu.

"YAH" nimeiweka kwa sababu barua inakwenda Tanzania, ambako ndiyo desturi ya barua rasmi. Viambatisho havitafsiriwi vyote. Namba ya uthibitisho na namba ya muamala zinakiliwa kwa kunakili na kubandika, kamwe si kwa kuchapa upya, kwani sifuri na herufi O hazitofautiki kwenye aina nyingi za maandishi.

Kwa ukaguzi wa mwisho, mpe mtu mwingine barua ya asili asome kwa sauti tarakimu tu, tangu juu hadi chini, wewe ukizitia tiki kwenye tafsiri. Ukijikagua mwenyewe jicho litaona ulichokusudia kuandika. Halafu fanya kinyume: yeye asome za tafsiri, wewe utie tiki kwenye barua ya asili. Mzunguko wa pili hukamata namba uliyoiongeza bila kujua, ambayo mzunguko wa kwanza hauwezi kuiona.

Kabidhi tafsiri pamoja na nakala ya barua ya asili katika faili moja la PDF, ukiwa umeandika mwishoni kwamba umetafsiri kutoka Kiingereza, tarehe ya kutafsiri, jina lako na sahihi. Mwaka 2021 Tanzania Bara ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, hivyo karatasi unayoiandika leo kwa ajili ya meneja wa Pangani inaweza kesho kusomwa na hakimu. Faili ulilofanyia kazi, pamoja na ile karatasi ya safu tatu na majibu ya mteja kuhusu 204 na kuhusu usiku wa kuamkia tarehe 6, liweke mpaka hoteli imelipa. Ikijibu badala ya kulipa, jibu lake litatafsiriwa kwenda Kiingereza kwa tarakimu hizohizo.